Kiti Kinacholingana na Kiti Changu

Kabla ya ajali nilikuwa na pikapu ya kubebea samaki. Nilikuwa nafika ufukweni mwa ziwa, Kashikishi, kabla jua halijawa kali, nanunua samaki wabichi kwa wavuvi, nawalaza kwenye barafu na kuwapeleka mjini Mansa. Wanawake wengi hapa Nchelenge wanauza samaki wakavu, maana mkavu anavumilia. Mbichi havumilii, na mimi nilipenda biashara ile kwa sababu hiyo hiyo: ilitaka mtu anayejua kuwahi.

Siku tuliyoanguka karibu na Kawambwa sikuwa mimi niliyeendesha, nilikuwa abiria ndani ya basi. Uti wa mgongo uliumia chini ya kifua. Mikono ilibaki mizima, tena baada ya miezi ya kusukuma kiti cha magurudumu ikawa na nguvu kuliko zamani. Miguu haikurudi.

Pikapu tuliiuza. Nilipoanza tena biashara, aliyeniendesha alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kwa gari la kukodi. Ni mtu mwema, na amekaa kwenye malori miaka mingi. Lakini alikuwa na kazi zake. Asubuhi nyingi nilikaa mlangoni nimevaa, simu mapajani, nikijua barafu inayeyuka huko ufukweni. Akifika, ananibeba kuniingiza, ananibeba kunitoa, mbele ya watu wote wa soko. Hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kusema kwamba mimi nilikuwa nimechoka.

Mume wangu anatengeneza injini za mitumbwi. Kiswahili alijifunza kwa wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, nami nilizaliwa Pweto, upande huo huo, kwa hiyo nyumbani kwetu Kibemba na Kiswahili vinachanganyika kama maharage na mchele. Ni yeye aliyekuja siku moja na habari kwamba Lusaka kuna fundi anayefunga vyombo vya kuendeshea kwa mikono.

"Batu wenye hawatembee banaendesha kule," akaniambia. "Kwa mikono tu. Mi nimeongea naye kwa simu. Anauliza kitu kimoja: motoka itachaguliwa na nani."

Sikuelewa kwa nini fundi aulize hivyo. Nilikuja kuelewa uani kwa muuza magari.

Tulisafiri watatu mpaka Lusaka, mimi, mume wangu na shemeji. Ua ule ulijaa magari yaliyotoka Japani, yameoshwa mpaka yanang'aa. Shemeji alikuwa ameshachagua tangu nyumbani. Alitaka gari refu, la magurudumu manne yanayovuta, kwa sababu ya njia ya udongo ya kwenda Chienge wakati wa mvua, na nadhani pia kwa sababu alitaka watu waone kwamba mke wa kaka yake hajaanguka maishani. Muuzaji alimpenda papo hapo. Aliongea naye juu ya injini na matairi, akampa funguo, akamfungulia boneti. Kwangu alitabasamu kama mtu anayemtabasamia mgonjwa.

Nikasukuma kiti changu mpaka kwenye mlango wa dereva. Ukingo wa kiti cha gari ulikuwa usawa wa kifua changu. Niliweka mkono mmoja juu, mwingine kwenye gurudumu langu, nikajaribu kujiinua. Mwili ulipanda kidogo, ukarudi. Nikajaribu tena. Muuzaji akatazama pembeni.

Shemeji akaja upesi. "Wacha, shemeki. Mi nitakunyanyua, ni kazi ndogo."

"Na siku wewe hauko?"

Akarudisha mikono yake nyuma. Nikamwambia kwa upole, maana sikuwa na hasira naye, kwamba gari ambalo lazima mtu aniingize ni lile lile la kukodi, ila nimelinunua. Mume wangu alifunga ule mlango mrefu, akamwomba muuzaji atuonyeshe magari mengine.

La pili lilikuwa gari dogo la chini, zuri, bei yake nyepesi. Kutoka kwenye kiti changu kuingia ndani ilikuwa kama kuteleza kwenye ukingo wa mto. Niliketi, nikashika usukani, nikacheka kwa furaha. Kisha nikataka kutoka. Sasa kiti changu cha magurudumu kilikuwa juu na mimi nilikuwa shimoni. Nilisukuma kwa ngumi, nikavuta mpini wa dari, nikatoka jasho. Wanaume watatu walisimama wakiniangalia, na nilijua kwamba nikiinua tu uso wataninyanyua. Niliinua uso. Wakaninyanyua. Machozi yalinitoka nikajifanya ni jasho, na mume wangu akanipa kitambaa akajifanya ameamini.

Tukampigia fundi simu, akatuambia tungoje. Alifika na futi ya kupimia. Ni mtu wa makamo, asiye na maneno mengi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchuchumaa mbele yangu ili tuongee uso kwa uso. Akaniuliza mimi, si wanaume, kama misuli ya miguu inajikaza yenyewe, kama nahisi ninapokalia, kama nikiinama mbele naweza kurudi bila kushika kitu. Nikamjibu yote. Kisha akapima kutoka ardhini mpaka kwenye mto wa kiti changu, akaanza kupita kwenye magari akipima viti vyao.

Alirudi akatupeleka kwenye gari la familia, lenye paa la juu kiasi na gia ya kujibadilisha yenyewe. Kiti cha dereva kililingana na changu karibu sawasawa. Mlango ulifunguka sana, na kizingiti chake kilikuwa chembamba. Fundi alitoa ubao laini, akauweka uwe daraja kati ya viti viwili. Nikapita juu yake kidogo kidogo, makalio kwanza, kisha nikaishika miguu yangu kwa mikono nikaiingiza mmoja mmoja. Nikatoka vile vile. Nikaingia tena. Hakuna aliyenigusa.

Shemeji alikuwa ameshaanza kumwita muuzaji, lakini fundi aliinama ndani akatikisa kichwa. Breki ya kuegesha ilikuwa ya kukanyaga, kijipedali kidogo kule kushoto chini. Mimi ningeikanyaga na nini? Inaweza kubadilishwa, alisema, lakini gari kama hilo lenye breki ya mkono lipo, ni la kutafuta tu. Tulilala Lusaka, kesho yake tukalipata kwenye ua mwingine. Lilikuwa na rangi ya kijivu na mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma. Shemeji hakulipenda. Alizunguka injini nzima akitafuta ubaya, hakuuona, akasema basi, ni lako.

Kazi ya kufunga vyombo fundi aliifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti chenyewe, maana alitaka kujua mkono wangu unafika wapi. Alifunga mpini kulia kwa usukani, upande wa mlango, ukiwa na vyuma vinavyoshuka mpaka kwenye pedali. Ukiusukuma mbele, breki. Ukiuvuta kwako, mafuta. Mkono wa kushoto unabaki na usukani, na kwa sababu mkono mmoja hauwezi kuuzungusha wote, akaweka kirungu cha kushikia kinachozunguka kiganjani. Mara ya kwanza goti langu liligonga mpini nilipoingiza miguu, akaufungua, akaupandisha. Akafunga pia bamba mbele ya pedali, ili mguu ukijikaza usiteleze chini yake, na mkanda wa kifua, kwa kuwa tumbo langu halina nguvu ya kunishika kwenye kona. Bamba linatoka kwa mkono, na pedali zinafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo mtu mwingine anaweza kuendesha.

Ndivyo tulivyorudi nyumbani. Shemeji aliendesha kwa miguu yake, mimi nyuma, kwa sababu bado sikuwa na ruhusa. Leseni yangu ya zamani haikutosha; ilibidi daktari anichunguze na nijaribiwe upya ndani ya gari hili hili.

Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira, mume wangu pembeni yangu. Nilidhani itakuwa rahisi, mimi dereva wa zamani. Lakini mwili una ukaidi. Kila nilipotaka kusimama, akili ilituma habari kwenye mguu, na mguu haukujibu, na kwa nukta moja nilikuwa sina breki duniani. Siku ya kwanza nilivuta badala ya kusukuma, tukaelekea golini. Mume wangu aliweka mkono wake juu ya dashibodi, hakunigusa, hakupaza sauti.

"Sukuma," akasema.

Nikasukuma. Tukasimama kabla ya mlingoti. Akaniuliza kama nataka kupumzika. Nikasema hapana, nikarudisha gari nyuma.

Mtahini wa Mansa alikuwa mwanamke kijana. Alikiri hajawahi kumtahini mtu wa mpini, akaniomba nimweleze kabla hatujaondoka. Nikamweleza. Kisha akanipeleka kwenye mzunguko wenye magari mengi na kwenye kilima, ambapo lazima usimame na uondoke bila kurudi nyuma, kama anavyompeleka kila mtu. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kunipasisha.

Gari halikutimiza kila kitu. Halifiki majini, mchanga wa Kashikishi unalimeza; nasimama mwisho wa lami na wavuvi wananiletea masanduku. Njia ya Chienge ikilowa siiendi, shemeji alikuwa na haki hapo. Na kiti changu cha sasa, chepesi, chenye magurudumu yanayochomoka kwa kubonyeza, nakivutia ndani kupitia kifuani pangu na kukilaza upande wa abiria, kwa hiyo mama yangu anakaa nyuma na analalamika kwamba anabebwa kama mizigo.

Wiki ile ile niliyopata leseni niliwaambia nyumbani naenda kuweka mafuta. Niliweka mafuta. Kisha sikugeuka. Nilishika njia ya kusini, dirisha wazi, mkono wa kulia kwenye mpini, nikapita Mwansabombwe mpaka nikaona maji ya ziwa dogo la Mofwe yanameta nyuma ya matete. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa amepanga samaki wabichi juu ya majani. Nilisimamisha gari, nikatoa kiti vipandevipande, nikakiunga, nikashuka. Alikuwa anahudumia mtu mwingine, hakuona. Tulipokwisha patana, akatazama huku na huku akaniuliza kwa Kibemba dereva wangu ameenda wapi, amkabidhi samaki.

Nikamwambia dereva ndiye mimi. Hakubisha. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akaweka samaki nyuma, akabaki amesimama akiangalia jinsi ninavyoingia. Akauliza swali moja tu, kama huwa naumia nikifanya vile. Nikasema haiumi, inataka muda.

Simu ililia kabla sijawasha injini. Ni mume wangu.

"Uko wapi, mama?"

"Mofwe."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya injini ya mtumbwi inayojaribiwa, inakohoa, inakufa, inawaka tena. Akaniuliza kama samaki wa huko ni wazuri. Nikamwambia ni wazuri, nimechukua wa kututosha. Akasema basi nirudi polepole, atawasha makaa.