Apajok na Zile Saa Nne

Apajok hajui alizaliwa mwaka gani. Ukimuuliza atakujibu kwamba aliyekuwepo siku hiyo ni mama yake, nenda kamuulize yeye. Kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, kama vya wenzake wengi wa rika lake kule Lopur. Ninachojua mimi ni kwamba mikono yake imepokea watoto wengi kuliko yangu, ingawa mwenye diploma ni mimi.

Mimi ni Sellah, muuguzi wa wodi ya uzazi katika kituo kidogo cha afya nje ya mji wa Kakuma. Nilitoka Busia miaka kumi na moja iliyopita nikidhani nitakaa miwili. Apajok alikuwa mkunga wa jadi, na siku hizi kazi yake ni kuwasindikiza kina mama kutoka Lopur waje wazalie kituoni. Hana mshahara, ila ana kofia ya mradi fulani, nayo huivaa juu ya shanga zake siku za kazi tu.

Alikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi Lodwar. Hakuwahi kumleta mama kabla ya wakati. Aliweka kiganja tumboni, akasikiliza pumzi, akatazama vidole vya miguu vinavyojikunja, kisha akaita bodaboda. Walifika mtoto akiwa karibu kuonekana. Sisi tulisema Apajok akitokea langoni, vaa glavu kwanza, salamu zitafuata. Nilimsifu mbele ya wageni, maana vitanda vyangu ni vinne na hakuna aliyevilalia siku mbili akingoja kuzaa. Nasema haya waziwazi kwa sababu aibu ni yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu alimleta mama mmoja kwa namna yake hiyo hiyo. Nusu saa baadaye mtoto alizaliwa, akalia, akanyonya, tukapongezana. Kufikia asubuhi mtoto alikuwa akikoroma kila anapotoa pumzi, ubavu umebonyea, titi halitaki. Tulimwanzishia dawa, tukampakia kwenye ambulensi hadi Lodwar. Alifariki siku ya tatu. Damu yake ilipooteshwa maabara ya Lodwar, wakapata bakteria wanaoitwa streptokokasi wa kundi B.

Nilimweleza Apajok vizuri, kwa sababu aliniuliza alikosea wapi. Nikamwambia bakteria hawa huishi tumboni na kwenye njia ya uzazi ya wanawake wengi wazima. Huja na kuondoka wenyewe, wala si ugonjwa wa zinaa, wala uchafu. Mama hawamsumbui. Mtoto ndiye anayeweza kuwapata anapopita au chupa ya uzazi inapopasuka, na wengi wanaowapata hawaugui. Wachache ndio huugua, nao huugua vibaya na upesi. Apajok alisikiliza, akaondoka bila kuaga. Siku nyingi hakuniletea mtu.

Baada ya hapo maabara ya Lodwar ilikubali kutupimia kina mama wote walio kati ya wiki ya thelathini na sita na ya thelathini na saba. Kipimo chenyewe ni kijiti chenye pamba. Kinapitishwa chini kwenye njia ya uzazi na kwenye njia ya haja kubwa, kisha kinafungwa kwenye kichupa na kusafirishwa ndani ya boksi la barafu. Siku tatu hivi, majibu yanarudi.

Mmoja wa wale wa kwanza kukutwa na bakteria hao alikuwa Akiru, mke wa mtoto wa mwisho wa Apajok. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe, Ekaale, alikuwa Lowarengak akivua samaki, kwa hiyo aliyekuja naye kusikia majibu ni mama mkwe. Ndani ya kadi ya Akiru nilizungushia majibu duara jekundu, nikawaambia mpango. Uchungu ukianza, au chupa ikipasuka hata bila uchungu, aje hapo hapo. Tutampa penisilini kwenye mshipa, na tutairudia kila baada ya saa nne hadi azae. Ikitangulia saa nne au zaidi kabla ya mtoto, ndipo inamlinda vizuri zaidi.

Akiru aliuliza kwa nini nisimpe vidonge leo, awamalize kabisa. Swali zuri. Nikamwuliza, ukifagia zizi asubuhi, jioni mbuzi wakirudi linabaki safi? Akacheka. Nikasema bakteria hawa nao hurudi. Ukiwafukuza leo, wiki mbili zijazo wamejaa tena. Dawa inatakiwa iwe ndani ya damu yako, ivuke hadi kwa mtoto, saa ile anayotoka.

Akiru alielewa. Apajok alikuwa anatazama ukuta.

"Mama, umenisikia?" nikamwuliza. "Saa nne. Safari hii usingoje kichwa."

"Nimesikia," akasema. "Sasa wewe sikia mimi. Mwaka yako ya kwanza hapa, nilileta msichana mapema. Ulisema nini?"

Nilikumbuka papo hapo, na nilitamani nisingekumbuka. Nilikuwa mgeni, nimechoka, joto limenipanda kichwani. Nilimpima yule msichana nikakuta njia imefunguka sentimita mbili. Nikamwuliza Apajok, mbele ya foleni nzima ya kliniki, kama kweli ni mkunga au anakuja kupumzika kivulini. Watu walicheka. Nikawarudisha.

"Tangu hiyo siku," Apajok akasema, "hakuna mtu amenicheka kwa hii mlango."

Hapo ndipo nilipopaswa kuomba msamaha. Badala yake nilisema yale ni ya zamani, tuzungumze ya sasa, nikaita namba inayofuata. Mimi ndivyo nilivyo, nikibanwa hukimbilia foleni.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, nilikwenda Lodwar na boksi la barafu na orodha ya dawa. Wodi nilimwachia Wandera, kijana mwenye bidii, afisa tabibu aliyekuwa na wiki moja tu kwetu. Nilirudi saa saba kasoro mchana. Kitu cha kwanza nilichoona ni Apajok amekaa chini, kofia kichwani, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa wodi. Hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka bila kumruka. Akiru alikuwa anatembea taratibu kando ya tangi la maji, amebana midomo. Wanawake wa huku hawapigi kelele za uchungu. Ukitaka kujua hali, tazama mikono, na ya Akiru ilikuwa imekamata shuka mpaka vifundo vimepauka.

Walikuwa hapo tangu saa tatu na nusu asubuhi. Wandera alimpima Akiru, akakuta sentimita tatu, akawaambia waende nyumbani warudi uchungu ukikaza. Apajok hakubishana. Alikaa mlangoni na kumwambia kwamba yeye leo harudi, labda abebwe. Alimwonyesha kadi, lakini Wandera alitazama ukurasa wa mbele tu, nalo duara lilikuwa ndani. Halafu akamwonyesha tangazo lililobandikwa ukutani: AMBAO HAWAJAFIKA SENTIMITA NNE WARUDI NYUMBANI. Mwandiko ulikuwa wangu. Lilikuwa pale miaka kumi, na katika mipango yangu yote ya vijiti na boksi la barafu sikuwahi kulifikiria.

Niliogopa, nakiri. Nilimwambia Wandera atazame lile duara, naye akabadilika uso. Tukamwingiza Akiru. Nikamwuliza kama amewahi kuchomwa penisilini ikamletea vipele, kuvimba au kubanwa pumzi. Akasema alichomwa akiwa mdogo, haikumfanya kitu. Sasa alikuwa sentimita tano. Saa saba na dakika kumi dawa ilianza kuingia.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Nilikuwa nimepoteza saa tatu na nusu za Apajok, na nilitaka nizipate tena. Nilimpapasa Akiru tumbo nikasema huyu atazaa saa kumi. Saa tatu tu za dawa. Apajok aliweka kiganja chake kando ya changu, akafumba macho.

"Hapana," akasema. "Jua itakuwa chini ya hiyo mathenge. Huyu mtoto hana haraka."

Mathenge yenyewe ni uzio wetu wa miti ya miiba upande wa magharibi. Nilimtazama nikaona hanifariji. Anapima tu, kama alivyopima miaka yote. Ule ujuzi uliomfanya afike dakika za mwisho, leo ulikuwa unahesabu kwa upande wa pili. Moyo wangu ukatulia kidogo. Tulimtembeza Akiru, tukampa uji, Apajok akamkanda kiuno. Saa kumi ilipita. Saa kumi na moja na dakika kumi tukampa dozi ya pili. Wandera alishika chupa mwenyewe.

Mtoto alizaliwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, jua likiwa kwenye mathenge. Wa kike, kilo mbili na gramu mia tisa, anapiga kelele zote ambazo mama yake alizinyima wodi. Tulikaa nao siku mbili tukihesabu pumzi, tukipima joto, tukitazama anavyonyonya. Hakukoroma. Hakubonyea ubavu. Siku ya pili jioni Apajok alimfunua, akamtazama kifuani muda mrefu sana, akamfunika. Nilijua anamtazama pia yule wa mwezi wa pili.

Asubuhi yao ya kuondoka ilikuwa siku ya kliniki, foleni imefika langoni. Nilitaka kusema naye ofisini. Kisha nikaona kwamba nilimwaibisha kwenye foleni, kwa hiyo ofisini hapatoshi. Nikasimama mbele ya watu wote.

"Mama Apajok," nikasema, "ile siku nilikurudisha, nilikosea. Na maneno niliyosema yalikuwa mabaya. Nisamehe."

Apajok alimhamishia mtoto mkono wa pili.

"Yule msichana alizaa njiani," akasema. "Hapo kwa lagha, kwa mchanga ya hiyo mto kavu. Nilipokea mtoto na shuka yangu. Alikuwa mzima. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza."

Machozi yalinitoka mbele ya foleni. Yeye akaelekeza kidevu ukutani.

"Hiyo karatasi, toa. Andika ingine. Andika, ukikuja mapema, kaa."

Niliiandika hapo hapo, kwa herufi kubwa, Wandera akaibandika. Apajok hajui kusoma. Lakini siku hizi huleta wanawake wake asubuhi na mapema, na kila mara, kabla hajavuka kizingiti, husimama mbele ya ile karatasi akaniita nimsomee imeandikwa nini.