Swali la Mfereji

Nilipokabidhiwa ufunguo wa kabati la kadi za maswali pale kituo cha walimu mjini Same, wenzangu walidhani nimependelewa. Ukweli ni kwamba nilichaguliwa kwa sababu simwamini mtu. Nilikuwa nikifundisha jiografia katika shule ya msingi ya mjini, na ilijulikana kwamba mtihani nikiusimamia mimi, mtoto hageuzi hata shingo.

Miaka ile shaka ilikuwa na kazi ya kutosha. Foleni za sukari zilikuwa zimekwisha, maduka yamejaa, ila mifuko yetu ndiyo haikujaa. Biashara iliruhusiwa, na kila mtu akatafuta cha kuuza. Walimu wengine walifundisha tuisheni jioni. Wengine walipeleka mitihani ya majaribio stendi ya mabasi, ikanunuliwa na wazazi kama karanga. Mimi niliuza maandazi wakati wa mapumziko, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu. Lakini swali la mtihani nililiona kama kitu ambacho hakipaswi kuguswa kabla ya siku yake, na aliyeligusa nilimhesabu mwizi.

Mradi uliotuletea kompyuta mbili ulituletea pia msimamizi kutoka Dar es Salaam, mtu mpole mwenye miwani minene. Alitueleza kwamba tunajenga benki ya maswali ya darasa la saba. Kila swali liandikwe kwenye kadi yake, na juu ya kadi ziwekwe alama tatu: mada, ugumu kuanzia moja hadi tatu, na kiwango cha kufikiri, yaani kama mtoto anatakiwa kukumbuka tu, kuelewa, kutumia alichojifunza au kuchanganua. Baadaye kadi zitaingizwa kwenye kompyuta, na siku moja kutakuwa na programu ya kujifunzia. Mtoto akipata swali la mmomonyoko la ngazi ya kwanza, atapewa la pili. Akikosa, atarudishwa nyuma kwenye mada ileile. Alama zikiwa za uongo, alisema, mashine itampeleka mtoto kusiko.

Tulikuwa walimu sita mezani. Mmoja alitoka Mamba, kijiji cha juu milimani, mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye koti moja la kijivu na penseli iliyochongwa kwa kisu. Alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu na alizungumza mara chache sana. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, na sababu ilikuwa alama zake. Sisi wengine tulikuwa na karatasi ya vitenzi tuliyopewa na msimamizi. Swali likianza na "taja", tuliandika kukumbuka. Likiwa na "changanua", tuliandika kuchanganua. Tulikwenda mbio. Yeye aliiacha karatasi ile mezani, akakaa na kadi moja muda mrefu, kisha akaandika alama iliyotushangaza.

Siku moja alitunga swali hili: mfereji wa kumwagilia umechimbwa kwa mwinamo mkali ukishuka mlimani; changanua kitakachoupata mfereji na shamba lililo chini yake. Swali zuri, nilikubali kimoyomoyo. Lakini juu ya kadi alikuwa ameandika kwa penseli: ugumu moja, kukumbuka.

"Mwalimu, hapa umekosea," nilimwambia. "Hili ni la kuchanganua. Neno lenyewe limo."

"Kwa watoto wangu ni la kukumbuka," alijibu.

Wenzangu walicheka kidogo. Nilichukua kalamu nyekundu, nikapita juu ya penseli yake: ugumu tatu, kuchanganua. Akavuta kadi nyingine. Nami nikajiambia, mtu anayeliita swali gumu rahisi ana lake jambo.

Kabla ya kadi kuingia kwenye kompyuta, maswali yalijaribiwa katika shule tatu: yangu ya mjini, moja ya watoto wa wafanyakazi wa shamba la mkonge, na ile ya Mamba. Kazi ya majaribio ni kupima alama tulizobuni. Swali likipatwa na wengi ni rahisi, tupende tusipende. Likiwashinda wengi ni gumu. Karatasi ziliporudi nilijifungia ofisini na kuanza kusahihisha. Mjini, swali la mfereji lilipatwa na watoto wachache, wale wanaopata kila kitu. Kwenye mkonge hali ilikuwa hiyohiyo. Nikafungua bahasha ya Mamba.

Karibu wote walikuwa wamelipata. Hata mtoto aliyekosa yote mengine alikuwa amelipata. Tena waliandika maneno yaleyale: "Mfereji ukisimama sana maji yanakimbia na kuchimba, ukilala sana yanaacha tope." Karatasi baada ya karatasi, kusimama na kulala, kusimama na kulala. Hivyo ndivyo karatasi zinavyofanana pale mwalimu anapowasomea watoto majibu ubaoni.

Palikuwa na jambo moja ambalo halikukaa sawa, nami nililiona na kulipita. Swali lililotutia aibu kwa urahisi wake, "Taja aina tatu za mmomonyoko wa udongo," watoto wa Mamba walilikosa vibaya. Mwizi gani anaiba swali gumu na kuliacha jepesi? Nilijijibu kwamba ameliuza lile la kwake tu. Shaka ina majibu ya haraka.

Nyuma ya kila kadi palikuwa na nafasi ya maoni. Nikaandika: "Limevuja. Mwalimu wa Mamba. Lisitumike." Swali lililovuja huwekwa kando ya benki, kwa sababu halipimi tena chochote. Nikampelekea msimamizi, naye akayaingiza maneno yale kwenye kompyuta jinsi yalivyo. Kisha akavua miwani.

"Hili likithibitika nitaandika barua wilayani," alisema. "Unajua maana yake?"

Nilijua. Mwalimu aliyevujisha alifukuzwa, na aliyefukuzwa hakupata kiinua mgongo. Mzee yule angerudi kwao mikono mitupu baada ya maisha yote ya chaki. Nikamwambia msimamizi anipe wiki moja, nitamletea ushahidi.

Nilipanda Mamba kwa pikapu iliyokuwa inakwenda kubeba tangawizi. Nilikuwa nimepanga kukagua madaftari bila taarifa. Nilipofika shuleni madarasa yalikuwa matupu, mlango wa ofisi umeegeshwa. Niliingia moja kwa moja, nikapekua rundo la madaftari ya darasa la saba yaliyokuwa juu ya meza. Ramani, hali ya hewa, mistari ya longitudo. Hakuna mfereji hata mahali pamoja. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na kitabu kimoja cha jiografia, jalada limeshonwa kwa uzi. Sura ya mmomonyoko haikuwemo; kurasa zake zilikuwa zimeng'oka zamani. Nilikitafuta kitabu cha pili, sikukiona.

Mama mmoja aliyepita na jembe aliniambia watu wote wako ndivani, ndiva ni lile bwawa dogo la kukinga maji ya kijito. Ilikuwa siku ya msaragambo. Kila kaya hutoa mtu wa kusafisha mifereji, na watoto wakubwa huenda na walimu wao. Nilishuka huko na viatu vyangu vya mjini. Niliwakuta wamejipanga kwenye mfereji, wanakwangua tope, na mwalimu wangu mtuhumiwa yumo majini, suruali imekunjwa hadi magotini.

Mzee wa mfereji, yule anayegawa zamu za maji, alikuwa anatembea ukingoni akikemea kazi. Alisimama mbele ya msichana mmoja aliyechimba kupita kiasi.

"Umeusimamisha sana huo," alimwambia. "Mfereji ukisimama sana inakuwaje?"

"Maji yanakimbia na kuchimba," msichana alijibu bila kuinua uso.

"Na ukilala sana?"

Walijibu watatu kwa pamoja, kwa uchovu, kama watu walioulizwa jina lao. "Yanaacha tope."

Nilisimama pale na miguu yangu kwenye matope. Hawakuwa wamefundishwa jibu la mtihani. Walikuwa wamelisikia kila msimu tangu wakiwa wadogo wa kubeba makopo. Watoto wangu wa mjini, wanaochota maji bombani, walilazimika kulifikiria. Hawa walilikumbuka tu. Na ile "taja aina tatu", niliyoiita rahisi kwa sababu shuleni kwangu kila dawati lina kitabu, hapa ilikuwa haina pa kusomwa.

Mwalimu aliniona, akatoka majini.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwamkia.

"Marahaba. Umekuja kutusaidia au umekuja kunikagua?"

Nilimwambia yote: karatasi, kadi, maoni niliyoandika, madaftari niliyoyapekua ofisini kwake. Alisikiliza huku akikwangua tope kwenye kisigino kwa kijiti.

"Penseli yangu ulifuta?" aliniuliza.

"Nilipitisha kalamu juu yake."

"Basi haijafutika." Akanipa jembe. "Sogea pale, yule mama amechoka."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa msimamizi kabla hajafika. Barua haikuandikwa. Nilikata maneno yangu nyuma ya kadi, nikaandika mapya, kwamba kiwango cha kufikiri kinategemea mtoto amekutana na nini kabla ya swali, na kwamba alama za shule moja zisiwekwe kwa shule zote bila majaribio. Tulikubaliana kila kadi ionyeshe ilijaribiwa wapi. Msimamizi akarekebisha kwenye kompyuta mbele yangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba nakala za benki zilikuwa zimekwenda kwenye vituo vingine juzi, kwenye disketi. Angewapigia simu.

Sijui aliwapigia wangapi. Mzee wa Mamba aliendelea kufundisha, akastaafu na haki zake, lakini kwenye jopo la maswali la mkoa hakuitwa hata mara moja, na yeye ndiye aliyetushinda wote kwa kutunga. Nilipouliza, niliambiwa orodha imeshajaa.

Miaka mingi baadaye, wakati programu za kujifunzia zimekuwa jambo la kawaida, nilialikwa kwenye semina mbali na kwetu. Mwalimu mmoja wa kike, mchangamfu, alikuwa akituonyesha jinsi anavyochagua maswali kwenye kompyuta yake: mada, ugumu, kiwango. Akateua mmomonyoko. Swali la mfereji lilitokea likiwa na rangi ya kijivu, haliwezi kubofywa.

"Hili huwa tunaliruka," alisema. "Kuna mwalimu huko Mamba aliliuza kwa watoto."

Nilimuuliza nani aliyemwambia.

"Si imeandikwa hapa?" alisema, akanigeuzia skrini. Nikayasoma maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, hadi kwenye nukta.