Siku za Uji

Mwaka ule nilikuwa na diploma ya humanités, ile ya sekondari, na ndoto nyingi, na direktrisi, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, alinipa kazi ya kupanga chakula cha watoto na kushika ufunguo wa stoo, kwa sababu ya ndoto. Alisema watu wenye akili walikwisha kukataa.

Shule ilikuwa na watoto mia mbili, nusu yao wa mtaa, nusu wa familia zilizotoka kambi za waliokimbia vita, upande wa Kanyaruchinya. Watu wa shirika la msaada walitushushia magunia manane ya mahindi, magunia mawili ya maharagi, na bidoni mbili za mafuta za litri ishirini. Gunia lilikuwa la kilo hamsini. Pamoja na hayo waliacha karatasi: chakula hiki kifike siku ishirini za masomo, yaani juma nne, halafu mpango ujirudie kila mara watakapoleta tena. Siku ya bugali, mtoto asipate chini ya gramu mia moja na ishirini za unga. Siku ya mlo mwepesi, gramu sitini.

Nilifurahi sana. Niliazima mzani wa muuza samaki, nikapima kopo la bati tulilokuwa nalo jikoni. Kopo lilelile likijaa maharagi ni zito kuliko likijaa unga, na hilo nililigundua mwenyewe kwa kupima mara tatu, nikajiona nimeanza kuwa mutu. Kisha nikakaa na hesabu. Bugali kwa watoto mia mbili inakula kilo ishirini na nne kwa siku. Nikiiweka kila siku, magunia yanaisha kabla juma la nne halijamalizika. Lakini bugali siku tatu na uji siku mbili kwa juma, hapo inatosha, tena zinabaki kilo kama kumi na sita za kufidia kile kinachopotea kwenye mashine ya kusaga.

Basi nikachora. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bugali na maharagi. Jumanne na Alhamisi, uji wenye kijiko cha mafuta ndani yake ili uwe na nguvu. Ili juma zisifanane, wazazi wangeleta mboga kwa zamu: juma la kwanza maharagi peke yake na kitunguu, la pili na shu, zile kabichi za Kibumba, la tatu na mchicha wa lengalenga, la nne na karoti. Nilipaka rangi mistari. Nilichora hata maua pembeni. Nikabandika mlangoni kwa jiko.

Mama mkuu wa jiko, mama mtu mzima wa upande wa Butembo aliyekuwa akipikia sherehe za parokia tangu sijazaliwa, alisimama mbele ya karatasi yangu mikono kiunoni.

«Ni nini hii?»

«Ni menu, mama. Ya juma nne.»

«Maua ndiyo tutapika siku gani?»

Wale mama wawili waliokuwa wakimsaidia walicheka mpaka wakashika ukuta. Na mimi nikacheka. Nilidhani tumeanza vizuri.

Hatukuanza vizuri. Kuanzia siku ile aliniita Mademoiselle wa Karatasi, yaani binti wa karatasi tu, na kila nilipoingia jikoni alisogeza sufuria ili nisipate pa kusimama. Lakini alipika. Alipika nilivyoandika, gramu kwa gramu, kwa hasira, kama mutu anayetaka uone mwenyewe utakapoangukia.

Juma la kwanza likapita. Juma la pili, Alhamisi, nilikuwa natoka stoo na ufunguo mkononi nikakuta wanawake kama ishirini uani, juu ya mawe meusi ya volkano, wengine na sahani tupu. Mbele yao alikuwa papa prezida wa komiti ya wazazi, mchuuzi wa barabara ya Butembo, mtu wa sauti kubwa.

«Huyu ndiye?» aliuliza.

«Njo huyu!» mama mmoja alijibu. «Njo yeye anashikaka ufunguo!»

«Mademoiselle,» prezida akasema, «bunga yetu iko wapi?»

Nilisema iko stoo. Nilisema ile nyingine watoto wamekula.

Sijui niseme nini juu ya makelele yaliyotoka pale. Mama mwenye mutoto mgongoni alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. «Batoto habakukula! Juzi habakukula, leo habakukula! Miye namuuliza wangu, ananiambia: mama, shiye hatukukula. Mutoto wa miaka saba atanidanganya juu ya tumbo yake?»

«Wangu pia!»

«Wangu anasemaka hivyo kila Jumanne na kila Alhamisi! Siku mbili kwa juma bunga inaenda wapi? Kwenu?»

«Muangalie mashavu yake,» mwingine akasema. «Anashiba huyu.»

Nilitaka kucheka, maana mashavu haya nimezaliwa nayo, lakini macho yalikuwa yameshajaa machozi. Nilisema, «Walipata uji! Kila mutoto kikombe kimoja!»

Prezida akamwita mutoto wa kike wa darasa la pili aliyekuwa akipita. «Weye, leo mulikula?»

«Hapana, papa.»

«Hamukupata kitu?»

«Tulipata.»

«Mulipata nini?»

«Buyi.»

«Basi mulikula?»

Mutoto alimwangalia kama vile anamuonea huruma. «Hapana, papa. Tulikunywa.»

Hata leo nikikumbuka jibu lile najisikia mjinga tangu kwenye vidole vya miguu. Nimekua katika mji huuhuu. Kwetu pia, ukinywa uji asubuhi, mama anakuuliza saa sita kama umekula, na unamjibu hapana, na hakuna anayeona umedanganya. Uji unanywewa. Chakula kinatafunwa, kinashikwa na mkono. Nilijua hivyo maisha yangu yote, kisha nikachukua kalamu, nikaandika uji chini ya neno «chakula» kwa sababu hesabu ilikubali.

Nilijaribu kuwaeleza. Hawakusikia, na mimi sikusema vizuri. Nilikuwa nataja gramu katikati ya watu wenye sahani tupu. Prezida aliinua mkono.

«Vizuri. Ijumaa ya juma lijalo komiti inakaa. Kama mpaka siku ile batoto bangali wanasema habakukula, tunafungua stoo, tunagawa mahindi kila mutu nyumba yake, na jiko linafungwa. Angalau tutajua yameenda wapi.»

Direktrisi alinivuta ofisini. Aliogopa kuliko mimi. Magunia yakigawanywa majumbani, walioleta msaada hawatarudi, alisema, na kuna watoto hapa ambao kopo lile la bugali ndilo la kwanza na la mwisho kwa siku. Nilijua anaowasema. Nilijua hata wanakokaa darasani, kwa sababu ndio waliolamba sahani.

Nikarudi kwenye hesabu. Siku za uji zilizobaki zilikuwa nne. Kuziweka bugali, mahindi hayatoshi. Kuacha siku zile tupu, sikuweza hata kuandika. Nilihitaji kitu chenye gramu sitini za mahindi kwa mtoto, lakini cha kutafuna.

Kilikuwepo, na kila mutu anakijua: impungure, mahindi mazima na maharagi yanayochemka pamoja. Hayapitii kwenye mashine, basi hakuna kinachopotea. Maharagi yaliyobaki, ukitoa ya kesho na yaliyooza, yalikuwa kilo arobaini na nane. Kilo sita kwa kila siku ya impungure, mara nne, ishirini na nne. Zile nyingine kwa siku sita za bugali, kilo nne kila siku, nusu ya zamani, na pengo lijazwe na lengalenga na karoti za wazazi. Iliingia. Nilihesabu mara tatu.

Mama wa jiko aliposikia hilo neno, alitupa mwiko chini.

«Impungure? Unajua inakaa saa ngapi kwa moto? Kuni utachoma mguu yako?»

«Tutaloweka tangu jana yake, mama. Maji nitachota mimi, na kila mutoto ataleta kijiti cha kuni.»

«Na tena ni chakula ya kambi! Banakimbia vita, banakula ile, banafika shule, unabapa tena ile!»

«Mama, watasema wamekula.»

Aliokota mwiko. Kisha akasema, bila kuniangalia, «Chumvi si ya kutia mwanzo. Maharagi yatakuwa mawe. Hujui kitu weye.»

Jumatatu niliteka maji bidoni sita. Mahindi yakalowekwa peke yake, maharagi peke yake. Jumanne alfajiri mama wa jiko alitia mahindi motoni kwanza, na saa moja na nusu baadaye maharagi, maana mahindi ni magumu zaidi. Mimi sikujua hilo pia, ningeyatia pamoja. Karibu na mwisho akatia kitunguu, mafuta na chumvi. Muda wote huo hakuniambia hata neno, ila «ondoka kwa moshi».

Watoto walikula. Wengine walikunja nyuso. Mvulana mmoja wa kambi aliweka sahani chini, akasema hii anaijua, akaacha nusu. Ilinichoma, kwa sababu mama wa jiko alikuwa ameniambia. Aliyekaa kando yake akaimaliza.

Saa sita wanawake walikuwa langoni tena. Hawakuniuliza mimi. Waliwauliza watoto, mmoja mmoja, kama askari wa barabara.

«Mulikula?»

«Tulikula.»

«Mulikula nini?»

«Impungure. Meno inaniuma.»

Mama mwenye mutoto mgongoni alimpapasa yule wake wa miaka saba tumboni, kwa nguvu, kama anayepima nyanya sokoni. Kisha akanipita bila salamu.

Ijumaa komiti ilikaa. Nilisimama mlangoni, hakuna aliyenipa kiti. Prezida alisema batoto wamekula, basi stoo isigawanywe, jiko liendelee. Nilishukuru. Akasema hajamaliza. Kama bunga ilikuwa inaibwa Jumanne na Alhamisi au haikuibwa, hakuna aliyejua kwa hakika, na mimi sikuwa na mutu wa kunisemea. Ufunguo utakaa kwa mama wa jiko. Mademoiselle asiingie tena stoo. Karatasi aandike, kama anapenda, lakini mama ndiye atasema ndiyo au hapana.

Nilimwangalia mama wa jiko. Nilitumaini atasema kwamba kila gramu aliipima yeye mwenyewe, na alijua ilipokwenda. Alipokea ufunguo, akaufunga kwenye pembe ya kitenge chake.

«Nataka karatasi mupya,» alisema. «Kubwa. Bila maua. Na usiandike buyi chini ya neno chakula.»

Nililia njiani, kisha nikanunua karatasi. Jumatatu saa moja na nusu, watoto wakiwa wanaingia na vijiti vyao vya kuni, nilikuwa nimeibandika, ya juma lililobaki na ya magunia yatakayokuja: juma nne, siku ishirini, bugali kumi na mbili, impungure nane. Mama alitoka jikoni, akaisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari. Akarudi ndani, nikasikia ufunguo ukigeuka stoo, na kopo likianza kupima.