Video ya Jumatano

Wiki mbili baada ya kufungua saluni yake pale Buswelu, Justa alikuwa amesuka vichwa vitano tu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya majirani waliomwonea huruma. Ndipo akamtafuta Obedi, fundi wa kutengeneza matangazo ya maduka ya Nyamagana.

Obedi alichora jedwali kwenye daftari: siku saba, video saba, kila moja isizidi nusu dakika. Jumatatu ilikuwa ya kuitambulisha saluni na mahali ilipo. Jumanne, namna ya kuosha nywele zisikatike. Jumatano, kabla na baada. Alhamisi, mteja aseme mwenyewe. Kuanzia Ijumaa zilifuata bei, pilika za siku na namba ya kuweka nafasi.

"Tunarekodi zote siku moja," alisema. "Halafu unatoa moja kila jioni, watu wakishatulia na simu zao. Sekunde tatu za mwanzo ndizo zinazomfanya mtu abaki au apite. Na hii safu ya mwisho, dada Justa, usiiruke."

Safu ya mwisho iliandikwa Ruhusa.

Kwa ajili ya Jumatano Justa alimwita dada yake, Selina, kutoka Nansio, ng'ambo ya ziwa. Juu ya paji la uso Selina alikuwa na kovu la upana wa kiganja, mahali pasipoota nywele. Miaka kumi na minne alikuwa akilifunika kwa kitambaa, kanisani, sokoni na mtaani. Aliyemuunguza ni Justa mwenyewe, wakati anajifunza kazi: alimpaka dawa ya nywele, akatoka nje kupiga soga, akaisahau kichwani. Selina hakumwambia mtu yeyote, hata mama yao.

"Kukusaidia nitafurahi, mdogo wangu," Selina alisema. "Ila chukua kisogo changu na mikono yako. Uso uache."

Obedi akaandika hivyo hivyo: kisogo na mikono tu. Kisha akatoka kwenda kurekodi bango la nje. Selina akavua kitambaa, akaketi karibu na dirisha. Justa akainua simu.

"Unanipiga picha ya kitambulisho?" Selina aliuliza huku akicheka.

"Najaribu mwanga tu, dada."

Selina aliamini.

Jumatatu video ilitazamwa na watu sitini na mmoja. Jumanne, arobaini, na maoni yalikuwa ya mtu mmoja tu, Obedi. Jumatano jioni Justa alikaa na simu, akakumbuka zile sekunde tatu. Akakitafuta kile kipande cha kujaribia mwanga, Selina akicheka na kovu lake wazi, akakiweka mwanzo wa video. Mtu asidhani kwamba alisahau. Aliliona neno Ruhusa, akafunga daftari, akairusha video. Kumpigia Selina kungemchukua dakika moja, na hakupiga kwa sababu jibu alilijua.

Alhamisi asubuhi watazamaji walikuwa maelfu. Obedi akapiga.

"Dada Justa, hicho kipande kimetoka wapi? Niliandika kisogo."

"Watu wanaipenda, Obedi."

"Na yeye anaipenda?"

Justa aliifuta kabla ya saa sita. Lakini alichofuta ni cha kwake tu. Watu walikuwa wameshaihifadhi na kurushiana, hadi kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ya Selina. Simu ya Selina ikawa haipatikani. Ijumaa benchi la saluni lilijaa wateja, na Justa akasuka huku machozi yakidondoka mabegani mwao.

Jumamosi alifunga saluni, akapanda kivuko.

Alimkuta Selina uani akichambua dagaa, kichwa wazi, kimenyolewa chote, kama wanavyonyoa wafiwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu mgeni."

Neno hilo, mgeni, lilimkata Justa maini. "Dada, umenyoa kwa sababu yangu."

"Nimenyoa kwa sababu hakuna cha kuficha tena." Selina hakuinua macho. "Wanauliza nani aliniunguza. Nimewaambia ni saluni moja ya zamani, ilishafungwa."

Justa akapiga magoti mbele ya ungo. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ila kichwa changu usikiguse tena."

Alisema kwa upole ule ule aliomlea nao, na hapo ndipo Justa alipoelewa kwamba hakuna la kubembeleza. Angekaripiwa, angekuwa na pa kuanzia.

Simu yake ikaita, akaipokea. Sauti ya mwanamke ilisikika hadi upande wa pili wa ungo: "Saluni? Nataka mnisuke kama yule mama wa Jumatano, yule mwenye kovu."

Justa akaiziba simu kwa kiganja.

"Mjibu," Selina alisema, akaendelea kuchambua dagaa. "Si ndicho ulichokuwa unatafuta?"