Nauli ya Fundi Cherehani

Mimi nina mdomo, nakubali. Pale dukani kwetu tunapokata tiketi za ndege, mteja akinisumbua mara mbili, ya tatu atanitambua. Na niliyemfanyia hivyo ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mzee mpole aliyeshona hata sare za wanangu.

Alitaka kwenda kwa dada yake, nchi ya jirani. Macho ya dada yalikuwa yanazimika, na daktari alisema zimebaki wiki chache tu awe kipofu kabisa. "Mwanangu, nataka anione mara moja," aliniambia, akaweka noti mezani. Mfumo wa shirika la ndege haupokei noti. Nikafanya tunavyofanya wote pale: nikazitia mkobani, nikalipa kwa pesa iliyo kwenye pochi ya simu yangu.

Shirika likaifuta safari ile. Nikaomba marejesho, nikamwambia, "Mzee wangu, pesa itarudi palepale ilipotoka. Siku kumi na nne za kazi."

Zikapita, akaja. Nikachungulia faili: malipo kwa pochi ya simu. Kwa siku nawalipia watu wengi, nilishasahau kuwa pochi hiyo ni yangu. Nikamwambia akaulize kampuni yake ya simu.

"Lakini mwanangu, mimi nilikupa..."

"Nenda kaulize, baba."

Akaenda, hawakuona kitu. Nikamtuma benki, akapanga foleni mzee wa watu, wakamrudisha. Mara ya tatu nilisema kwa sauti, wenzangu wakisikia, "Baba, mimi si shirika la ndege. Subira huvuta heri." Akainamisha kichwa, akaondoka na chaki yake vidoleni.

Ndipo nikaliandikia shirika, kwa hasira tu, nipate cha kumwonyesha. Jibu likaja: marejesho yalishalipwa, namba ya kumbukumbu hii hapa, kwenye pochi ya namba inayoishia 417. Nikasoma tena. Ni namba ya simu yangu.

Nikafukua ujumbe wa zamani. Siku ya tisa, pesa iliingia kwa jina la kampuni inayoshughulikia malipo ya shirika. Mimi nikadhani ni kamisheni, nikalipia kodi ya nyumba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikachota akiba yangu, nikaenda kibandani kwake. "Shikamoo baba. Pesa ilikuwa kwangu tangu siku ya tisa. Nilikuhangaisha bure, na nilikufokea bure. Nisamehe."

Hakusimamisha cherehani. Alishona mpaka mwisho wa mshono, ndipo akaniangalia.

"Nilijaribu kukwambia," alisema.

"Ulijaribu, baba." Nikakosa pa kuweka uso. "Ndege ipo kesho asubuhi. Nikukatie sasa hivi?"

"Kata, mwanangu. Nitakwenda." Akakata uzi kwa meno, akaikunja suruali ya watu taratibu. "Juzi dada ameniambia hata mwanga wa dirisha hauoni tena. Basi atanipapasa uso."