Chaki ya Fundi Cherehani

Nesi wa zahanati ile alikuwa na mdomo ambao hata madaktari waliuogopa. Lakini walipomletea simu ya kupimia ngozi kwa picha, bibi mkubwa akanywea! Ikitoa rangi ya kijani, mgonjwa anarudi nyumbani na dawa ya kupaka. Ikitoa nyekundu, hospitali moja kwa moja. Ndio ukawa utaratibu.

Jana alikuja fundi cherehani, shoga yake wa miaka mingi, mguu umevimba juu ya kifundo. Nesi alipoushika, joto lilimshtua kiganja. Akapiga picha. Kijani.

"Mzio tu huo, shoga. Kapumzike."

"Mguu unaniwaka moto, we unasikiliza simu?" fundi akasema, akaondoka akichechemea.

Leo asubuhi roho ya nesi ilikataa kutulia. Akafungua kitabu chake cha chuoni, akatafuta picha ya mguu ulioingiwa na vijidudu chini ya ngozi. Mguu wa mzungu, umeiva kama nyanya. Akaupiga picha kwa simu ileile.

Nyekundu! Akampigia kijana aliyewafundisha kuitumia.

"Imejifunza kwa picha, mama," kijana akasema. "Na karibu zote ni za watu weupe, kwa hiyo inatafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu uvimbe kama huo huwa wa zambarau, au unazidi weusi tu. Inaupita bila kuuona."

"Na mlijua?"

Kijana akaanza kujikanyagakanyaga. Nesi akamkatia simu, akatoka mbio na kandambili zake za wodini.

Alimkuta fundi kitandani anatetemeka kwa homa. Mguu unang'aa, na juu ya ngozi pana mistari miwili myeupe ya chaki ya kukatia nguo.

"Wa chini nilichora jana, uvimbe ulipoishia," fundi akasema. "Wa pili, alfajiri. Nilitaka nione kama unapanda."

Uvimbe ulikuwa umeshaipita yote miwili na kukaribia goti. Ole wangu, nesi akajisemea, nimemuua shoga yangu.

Hospitali daktari alimtundikia dripu ya dawa, akamvuta nesi pembeni. Hawezi kuahidi kuwa mguu ule utapona, akasema, mpaka kesho. Kisha akauliza: "Nani alimrudisha nyumbani?"

Neno "simu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa nesi. Akalimeza.

"Mimi. Mkono wangu ulijua, na bado nikamrudisha."

Akarudi kitandani, akatoa chaki kwenye mfuko wa gauni la fundi, akachora mstari wa tatu pale uvimbe ulipofikia. Wakakaa wakiutazama, hakuna aliyethubutu kutania. Mchana ukapita, jioni ikaingia.

"Umepanda?" fundi akauliza, macho kayafumba.

Nesi akaweka kiganja juu ya goti, akakishusha taratibu mpaka kikakutana na joto.

"Bado uko kwenye mstari," akasema, na hakuutoa mkono.