Baba na Kaka Wanagombania Utafiti Wangu wa Ibada za Simu, na Mama Ndiye Anayeumia

Admin, nifichie jina kabisa, maana watu wa kwetu wengi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa kijiji cha Wema, nimeolewa Garsen na ninasomea shahada ya uzamili. Baba yangu ni mkulima na pia mchungaji wa kanisa dogo kijijini. Nimechoka, ndugu zangu.

Wakati wa korona makanisa yalipofungwa, kaka yangu alifungua grupu ya waumini kwenye simu. Baba alikuwa anarekodi mahubiri, kaka anayatuma. Shida ilianzia kwenye ushirika mtakatifu. Siku moja kaka aliwaambia watu waweke mkate na juisi mezani nyumbani kwao, kisha yeye akaomba kwa sauti kupitia simu, nao wakala. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Baba aliposikia alikasirika sana. "Nani alikupa mamlaka ya kubariki Meza ya Bwana? Kushika simu ndiko kuwa mchungaji?" Akawazuia wote walioshiriki wasile tena Meza ya Bwana mpaka watubu mbele ya kanisa. Wengine walitubu, wengine walimfuata kaka, na ile grupu ikawa kanisa lake. Mama hakutubu wala hakuhama. Mpaka leo anaketi kanisani, sahani ya mkate inampita, na anayeipitisha ni mume wake.

Sasa mimi, kwa kiherehere changu, nikachagua kuandika mapitio ya tafiti kuhusu jinsi jumuiya za ibada zilivyohamia mtandaoni wakati ule. Kazi yenyewe si kuamua nani alikosea. Unatafuta tafiti zilizochapishwa, unachuja zinazohusika, unazipanga kwa mada, unaonyesha zinakubaliana wapi, zinapingana wapi, na pengo liko wapi.

Nimekuta mengi. Kuna makanisa yaliyoruhusu kila nyumba iandae mkate wake, mengine yakasema watu washiriki kwa sala tu bila kula, na mengine yakaahirisha kabisa mpaka watu wakutane. Mara nyingi, pale ambapo kubariki ni kazi ya kasisi peke yake walisita zaidi. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi walikataa mtu kumfuata imamu wa Ijumaa kupitia simu, wakasema aswali adhuhuri nyumbani, lakini darsa na mawaidha yakahamia mtandaoni bila ugomvi mkubwa. Na kuhusu mamlaka, baadhi ya watafiti wanasema yaliyumba, vijana wenye kujua mitambo wakapata sauti. Wengine wanasema viongozi wa zamani walizidi kupata nguvu, maana walisikika mbali zaidi.

Nilimtumia kaka rasimu anisomee. Kumbe alichukua kipande cha makanisa yaliyoruhusu, akaacha mengine yote, akakitangaza kwenye grupu: "Dada yangu amefanya utafiti chuo kikuu, imethibitika tulikuwa sawa!" Nilimpigia nikilia kwa hasira. Akanijibu, "Kwani nimedanganya? Si wewe uliandika?"

Baba naye akaniita nyumbani kule Wema. Nilidhani atanigombeza. Akanivutia kiti kwa upole, akasema, "Mwanangu, Jumapili utasimama uwasomee watu yale makanisa yaliyoahirisha. Waambie vitabu viko upande wangu."

"Baba, vitabu haviko upande wa mtu. Vinaeleza tu watu walifanya nini."

"Sasa umesoma miaka yote hiyo usijue haki iko wapi?"

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtu kama mama simuoni popote kwenye hizo tafiti. Nyingi nilizopata ni za mijini, waliohojiwa ni viongozi, au waumini waliojaza maswali mtandaoni. Asiye na bando atajazaje? Nikamwambia msimamizi wangu wa chuo niandike habari za kwetu. Akakataa, na kwa kweli ana haki: mapitio ni ya yaliyochapishwa, ya nyumbani kwangu niyaonyeshe kama pengo tu. Pengo! Mama yangu.

Nikaenda kumwambia mama mwenyewe kwamba nitasimama Jumapili nisome yote, ya pande zote mbili, labda baba atamwachilia ashiriki tena. Alikuwa akipepeta mchele. Hata hakuinua kichwa.

"Usinitetee kwa karatasi. Siku ile niliogopa nitakufa, nikamla Bwana wangu. Baba yako hajawahi kuniuliza kwa nini. Anauliza tu nani aliruhusu."

Jumapili ni keshokutwa. Nikisoma yote, baba na kaka kila mmoja atachukua kipande chake. Nikikataa, baba atasema nimemwaibisha. Nikimwambia baba maneno ya mama, nitakuwa nimetoa siri ambayo hakunituma niiseme. Mlio na wazazi watumishi wa Mungu na mliopitia mambo kama haya, niambieni ukweli bila kunitukana. Nifanyeje?